Sekunde 50 za Sauti Yako: Hotuba kwa Vijana Wanaotafuta Kazi na Walezi wa Fani, Temeke

(Hotuba hii ilitolewa kwa vijana waliomaliza mafunzo ya ufundi. Tumeiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)

Ndugu zangu vijana, wazazi mliowasindikiza, mafundi wetu mliokaa huku mbele, shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo.

Leo nazungumzia jambo moja tu: ile voisi noti unayomtumia mtu usiyemjua, mwenye karakana au mwenye ofisi, ukijitambulisha na kumwomba akupokee. Sizungumzii barua ya maombi wala usaili.

Nianze na swali. Ukiituma ile sauti, unadhani huyo mtu anaisikilizia wapi? Wengi mnamwona yuko mezani, ofisi imetulia, kompyuta mbele yake, amekunja mikono anakusikiliza wewe. Hayuko hivyo. Yuko kwenye foleni ya Mbagala Rangi Tatu, simu kaibana sikioni, kondakta anapiga ubavu wa gari. Au yuko juu ya ngazi, bisibisi mkononi, kaiweka simu spika kubwa. Na ameongeza mwendo, maana WhatsApp inamruhusu kukusikiliza kwa 1.5x au 2x. Na atakusikiliza mara moja.

Mara moja, kwa haraka, kwenye kelele. Shikeni hayo matatu, kwa sababu kila nitakachosema baada ya hapa kinatokana nayo.

Kabla hajabonyeza, kuna kitu ameshakiona: urefu. Sauti inakuja na namba pembeni. Akiona 0:50 anabonyeza hapo hapo. Akiona 3:40 anasema nitaisikiliza jioni, na jioni ya Dar es Salaam mnaijua. Lengeni sekunde 45 hadi dakika moja. Kwa Kiswahili, mtu akizungumza kwa utulivu, hayo ni kama maneno 80 hadi 100. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo usichukue vipimo vya Kiingereza ukavileta huku. Ukiandika maneno 150 utajikuta unakimbia, na yeye juu ya mbio zako anaongeza mbio zake.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe.

Kuna kijana wa Tandika, fundi wa viyoyozi, alipewa namba ya fundi mmoja mkubwa mwenye karakana Gerezani. Akarekodi hivi, nisikilizeni: “Halo… eee, habari za asubuhi mheshimiwa, samahani sana kwa usumbufu, najua uko bize na majukumu ya kujenga taifa. Kwanza kabisa napenda kuchukua fursa hii kumshukuru Mungu kwa kutujalia uzima. Kwa majina naitwa Fulani, ni mkazi wa hapa hapa Dar es Salaam, elimu yangu ya msingi nilisoma…”

Mnacheka, lakini ni nani humu hajawahi kuanza hivyo? Tumefundishwa kuanza hivyo. Ni adabu ya harusini na mkutano wa kijiji, na kule ina mahali pake, watu wamekaa. Huku sekunde ya 40 imefika, fundi wa watu hajajua kama kijana ni fundi wa viyoyozi au anauza viwanja.

Tazameni makosa yake yalipo. “Habari za asubuhi”: sauti imefunguliwa saa tatu usiku. Tumia salamu isiyo na saa. “Shikamoo” kama unajua ni mkubwa wako. Kama ni ofisa ambaye huenda mmelingana umri, “Habari za kazi” haimkeri mtu. Na ukishasema shikamoo, usingoje marahaba! Wapo wanaonyamaza kabisa, sekunde mbili tatu, kwa mazoea tu ya kuitikiwa. Msikilizaji anadhani mtandao umekata.

“Samahani kwa usumbufu”: ikatae. Unamtangazia mtu kwamba unamsumbua, na hapo ndipo anapokumbuka kwamba kweli unamsumbua.

Halafu jina. Hili nalirudia: jina. Jina lako umelitaja tangu utotoni, kwa hiyo mdomo unalipitia haraka kuliko neno lingine lolote. Kwa mwendo wa 2x linageuka sauti moja isiyo na herufi. Sema jina la kwanza, pumua kidogo, sema la pili, pumua, ndipo uendelee. Utajiona unavuta sana. Kwa anayesikiliza, huo ndio mwendo wa kawaida.

Sasa kijana yule yule tumpange upya. Anajibu maswali manne ya fundi kwa mpangilio anaojiuliza mwenyewe: wewe nani, nani kakupa namba yangu, unaweza nini, unataka nini. Sikilizeni:

“Shikamoo, fundi. Naitwa Fulani… Fulani, fundi wa viyoyozi, niko Tandika. Namba yako nimepewa na mwalimu wangu wa karakana, Chang’ombe. Nilimaliza mafunzo mwaka jana. Wakati wa mafunzo kazini nimefunga viyoyozi vya ukutani vinane na fundi aliyekuwa ananisimamia. Kutanua mabomba ya shaba na kuvuta hewa kwa pampu nilikuwa nafanya mwenyewe. Ninapokwama ni kwenye bodi: mashine inawaka, feni ya ndani inazunguka, ya nje haizunguki, sijui nianzie wapi kupima. Nimeambiwa bodi ndiyo kazi yako. Naomba Jumamosi moja nije karakana kwako, nikushikie vifaa na kuona unavyopima. Namba yangu nimeandika hapo chini. Asante, fundi.”

Maneno hayafiki 90. Ukiyasema kwa utulivu ni kama sekunde 50.

Tuyakague. Kwa nini “vinane” na siyo “nina uzoefu wa kutosha”? Kwa sababu “uzoefu wa kutosha” anasema kila mtu, hata aliyemaliza jana. Vinane ni kitu cha kuulizwa: vilikuwa wapi, vya ukubwa gani? Na aliyetaja namba ya uongo huanguka kwenye swali la pili, kwa hiyo taja ya kweli, hata kama ni viwili. Tazameni pia alivyotenganisha alichofanya na mwenzake na alichofanya kwa mikono yake. Fundi mzoefu anasikiliza hapo hapo. Kijana anayesema “nimefunga” kwa kila kitu, kumbe alikuwa anashika ngazi, anajulikana siku ya kwanza kazini.

Kwa nini ataje anapokwama? Wapo watakaowaambia ni udhaifu. Mbele ya mwajiri anayetaka mtu wa kuanza kesho bila usimamizi, ni kweli, hapo nenda moja kwa moja kwenye unachoweza. Lakini huyu anaombwa kuwa mlezi wa fani. Usipomwambia unapokwama, atakusaidia nini? Na angalieni alivyolisema: hakusema “sijui umeme”. Ametaja dalili, feni ya nje haizunguki. Fundi ameshaanza kuwaza, labda kapasita, labda bodi haitoi umeme kwenda nje. Umemgusa kwenye kazi yake.

Halafu ombi. Moja. Jumamosi moja. “Naomba msaada wowote mheshimiwa, hata kazi, hata ushauri, hata mtaji” humwachia mtu kazi ya kukuchagulia, naye hatachagua. Jumamosi moja anaweza kuikubali akiwa bado kwenye foleni.

Kuna jambo lingine la maneno ambalo wengi hamlifikirii. Huyu fundi akipendezwa, anafanya nini? Mara nyingi anaisukuma ile sauti kwa msimamizi wake: “Hebu msikilize huyu.” Sauti ikisukumwa mbele, haiendi na jina lako wala namba yako, na meseji uliyoandika pembeni inabaki nyuma. Ndiyo maana jina, fani na unapoishi vinasemwa ndani ya sauti hata kama umeviandika. Na ndiyo maana husemi “kama nilivyokueleza kwenye meseji”. Meseji gani? Msimamizi hana. Kwa sababu hiyo hiyo namba ya NIDA na tarehe ya kuzaliwa visiingie humo kabisa; hujui sauti itaishia kwenye simu ya nani.

Namba ya simu nayo usiitaje kwa mdomo. Nani anasimama na kalamu kuandika tarakimu kumi kutoka kwenye sauti? Iandike.

Haya, maneno yapo. Usiyasome. Mtu anayesoma anajulikana, kila mwisho wa sentensi sauti inashuka kwa namna ile ile, kama tangazo la vifo redioni. Andika yote kwanza, yasome kwa sauti mara mbili tatu, kisha weka karatasi pembeni ubaki na maneno matano: jina, mwalimu, vinane, bodi, Jumamosi. Hayo yanatosha kukuongoza. Ukikosea neno moja dogo, endelea; watu hawakatai kazi kwa sababu mtu alisema “eee” mara moja. Na ukirekodi mara tano mfululizo sauti inachoka, inakuwa ya kukariri. Pumzika, rudi baadaye.

Jambo la pili, mahali na simu. Hapa niwachoshe kidogo, maana ndipo sauti nzuri zinapofia.

Binti mmoja wa Kimara alirekodi sebuleni, usiku, nyumba kimya. Maneno safi, mpangilio safi. Aliyepokea akamwandikia: “Sikupati vizuri.” Binti akasikiliza tena kwenye simu yake, akaona iko sawa. Tatizo lilikuwa nini? Mawili: feni ya dari, na marumaru.

Feni wewe huisikii, umeizoea. Simu inaisikia. Simu nyingi zina kinasa sauti zaidi ya kimoja na zina kazi ya kupunguza kelele zenyewe: zikikuta mvumo usiokatika, zinaufuta. Lakini zinapoufuta zinaondoka na sauti zako nyepesi, s, f, sh, na ile silabi ya mwisho unayoishusha. “Nafasi” inabaki “na-a-i”. Kwenye nyumba tulivu, ubongo unajaza pengo kwa sababu tayari unajua ulisema nini. Yeye hajui. Zima feni. Ni dakika moja tu, utatoka jasho kidogo, Dar ni Dar.

Marumaru, vioo, ukuta mtupu, hivi vinarudisha sauti. Ya kwanza inafika kwenye simu, ya pili inatoka ukutani na kufika ikiwa imechelewa kidogo, zinapandana, unasikika kama uko kisimani. Dawa yake haina gharama: chumba cha kulala. Godoro, mapazia, nguo, vyote vinameza sauti. Fungua kabati la nguo, simama ukilielekea, zungumza na nguo zako. Asiye na kabati ajikunjie khanga mbili au blanketi ukutani mbele yake. Chumba kilichojaa vitu ni studio kuliko ukumbi mzuri kama huu tuliomo.

Saa je? Mnajua mtaa wenu. Nyumba ya barabarani, subiri baada ya saa nne usiku, au alfajiri baada ya adhana na kabla bodaboda hazijaanza. Mvua ikinyesha kwenye bati, acha, hakuna ujanja. Ufukweni, hapana, upepo ukipiga kwenye tundu la kinasa sauti unatoa mngurumo ambao mkononi mwako husikii kabisa.

Sasa simu yenyewe. Igeuzeni, itazameni chini, karibu na pa kuchajia. Mnaona kitundu? Kwa simu nyingi hapo ndipo sauti yako inapoingilia. Na hapo ndipo kidole kidogo kinapokaa mtu akiishika! Wengine kava limefunika nusu yake, wengine kimejaa vumbi. Vua kava, sogeza kidole.

Umbali ni shibiri moja kutoka mdomoni, na usiielekeze simu mdomoni moja kwa moja. Iweke pembeni kidogo, usawa wa kidevu. Kwa nini? Sema “Posta”, sema “pampu”, mkono ukiwa mbele ya mdomo. Mmesikia ule upepo? Ukiingia kwenye kinasa sauti unatoa mpigo, puu, kwenye kila p na b. Ukiwa pembeni, upepo unapita na sauti inafika.

Ukiishika simu, usiizungushe mkononi. Kila msuguano wa kidole unaingia. Bora uiegemeze juu ya mito, upande wa kitundu ukielekea kwako na usizibwe na kitambaa. Iyafoni zisizo na waya ziacheni kwa kazi hii. Nyingi zikitumika kunasa sauti, ubora unashuka unakuwa kama wa simu ya kupiga. Zile za waya nazo, kinasa sauti chake kinasugua kola au mtandio.

Kisha weka simu kwenye hali ya ndegeni. Kijana mmoja alikuwa kwenye sentensi ya mwisho ya jaribio bora kuliko yote, rafiki yake akapiga, rekodi ikakatika. Zima na mtetemo pia.

Kubonyeza kwenyewe: watu wengi wanashikilia alama ya kinasa sauti na kidole, kidole kikiteleza, sauti imekwenda nusu. Usirekodi hivyo. Bonyeza, vuta juu mpaka kifuli kifunge, kisha achia. Sasa mikono huru. Ngoja nusu sekunde, anza. Nusu sekunde tu; ukianza papo hapo “Shikamoo” inakatwa inabaki “kamoo”, na ukingoja sana msikilizaji anaona mstari mtupu mwanzoni kabla vile vilima vya sauti havijaanza. Ukimaliza, bonyeza kusimamisha, jisikilize hapo hapo kabla ya kutuma. Haifai? Kipo kidude cha taka, futa. Kufuta kabla ya kutuma hakuachi alama. Kufuta baada ya kutuma kunamwachia taarifa kwamba umefuta kitu, na atajiuliza ni nini.

Mazoezi fanyieni kwenye gumzo lako mwenyewe, WhatsApp inakuruhusu kujiandikia. Lakini ile nzuri usiisukume kutoka huko kwenda kwa fundi. Itafika na alama kwamba imesambazwa, naye atadhani umewatumia watu hamsini. Ukishazoea, rekodi upya ndani ya gumzo lake.

Kabla ya hapo, jaribio moja. Mpe jirani asiyejua mipango yako asikilize moja ya zile za mazoezi, nje, barabarani, kwa 1.5x, mara moja. Muulize matatu: huyu ni nani, anafanya kazi gani, anaomba nini? Akikosa jina, umelipitia haraka. Akikosa kazi, umeichelewesha. Akikosa ombi, yawezekana yako mawili. Usimuulize “je, ni nzuri?” Atasema ni nzuri, ni jirani yako.

La tatu ni kutuma, nalo ni fupi.

Anza na maandishi, mistari miwili mitatu: “Shikamoo fundi. Mimi ni Fulani Fulani, fundi wa viyoyozi, Tandika. Namba nimepewa na mwalimu wa karakana Chang’ombe. Nakutumia sauti ya sekunde 50.” Ndipo sauti ifuate, na namba yako chini yake. Maandishi yana kazi mbili: miezi mitatu baadaye akitafuta “viyoyozi” kwenye simu yake, utaibuka, sauti peke yake haitafutiki hivyo. Pili, aliye kwenye kikao anajua wewe nani bila kubonyeza chochote.

Hakikisha hujagusa ile alama ya 1 inayofanya sauti isikike mara moja na kupotea. Kuna dada alituma maombi hivyo bila kujua. Mwenye ofisi alisikiliza, akapenda, akataka kumsikilizisha mwenzake, hakuna kitu.

Tuma siku ya kazi, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Usitume saa sita usiku ati kwa sababu ndipo uliporekodi. Usitume sauti ya pili ya “nimesahau kusema”. Na usipige simu kuuliza kama ameisikiliza. Angalia alama ya kinasa sauti kwenye ujumbe wako, ikigeuka bluu ameshaisikiliza. Kama bado, ngoja wiki nzima, andika mstari mmoja wa kumkumbusha. Kama imegeuka bluu na kimya, mstari huo huo mmoja, basi. Asipojibu, nenda kwa fundi mwingine, na rekodi upya kwa ajili yake, kwa sababu sentensi ya “nimeambiwa bodi ndiyo kazi yako” haimfai kila mtu.

Tangazo la kazi likisema tuma wasifu kwa barua pepe, tuma kwa barua pepe. Sauti ni kwa mtu ambaye umepewa namba yake.

Na akijibu “njoo Jumamosi”, jibu kwa maandishi, si kwa sauti: “Asante fundi. Jumamosi saa mbili asubuhi, karakana ya Gerezani. Nitafika.” Kama hakutaja saa, muulize saa. Kama hakutaja mahali, muulize alama ya jirani, kwa sababu Gerezani ina karakana nyingi na mabango machache.

Asanteni. Nadhani tuna nafasi ya maswali, tuanze na dada pale nyuma.